Mada ya dakika 15 kwa vijana wa Langoni: kipi tuiachie mashine kwenye ukurasa wa mtaa, kipi tufanye wenyewe?

Binti_Langoni (mwenye uzi), Jumanne saa 3 usiku

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo.

Kuna kikundi cha vijana hapa Langoni, Amu, wapo kumi na mmoja. Wanaendesha ukurasa wa mtaa kwenye Facebook na namba moja ya WhatsApp Business iliyo kwenye simu moja wanayopokezana. Hutangaza saa za maji kujaa na kupwa, boti za Pate, misiba, vitu vilivyookotwa, punda waliopotea. Kazi yote ni ya kujitolea na sasa wamechoka. Wengine wana mitihani, wawili wameoa. Wameniomba Jumamosi baada ya laasiri nizungumze nao dakika 15, kwa kuwa mimi hufundisha kompyuta, niwaonyeshe namna ya kuufanya ukurasa ujiendeshe wenyewe.

Nimekubali, lakini sitaki kuwaambia kila kitu kiende kwa mashine. Kigezo nilichoandika kwenye rasimu ni swali moja: *habari hii ilikuwa inajulikana jana?* Maji ya kesho yalijulikana tangu mwaka jana, yamo kwenye jedwali, basi mashine iyatangaze. Msiba wa leo haukujulikana jana, basi mtu autangaze. Majibu ya inboksi usiku nimeyaweka upande wa mashine, kwa sababu ni yale yale: asante, tumepokea, tutakujibu.

Naomba mnisahihishe kabla ya Jumamosi. Hasa nyinyi mliowahi kuendesha kurasa za namna hii, ni wapi mliumia?

---

Kijana_wa_Shela, Jumanne saa 3:40 usiku

Dada, kwa maji huna haja hata ya jedwali. Maji huchelewa dakika 50 kila siku, basi. Chukua saa ya leo, weka kwenye lahajedwali, ongeza dakika 50, buruta mpaka chini, umepata mwezi mzima. Kisha unapanga mabandiko yote siku moja na kuyasahau. Nimeifanya hapa kwa wageni wanaokwenda kupiga mbizi na haijaniletea shida.

Na upande wa majibu nakuunga mkono. Ujumbe ukiingia, mashine ijibu papo hapo. Watu hupenda kujibiwa.

---

Mkereketwa_Mpeketoni, Jumanne saa 4:05 usiku

Mimi sielewi. Vijana wa kaunti hii hawana kazi, halafu mnakwenda kuwafundisha namna mashine itakavyochukua hata hii kidogo waliyo nayo? Mngewafundisha kwanza jinsi ya kulipwa kwa huo ukurasa.

---

Binti_Langoni, Jumanne saa 4:20 usiku

Kaka yangu wa Mpeketoni, hapa hakuna anayelipwa, ni kazi ya mtaa. Ninachotafuta ni kuwapunguzia yale ya kurudia kila siku, ili nguvu ibaki kwa yale yanayohitaji mtu. La malipo ni la haki kuulizwa, ila si mada niliyoombwa.

Kijana wa Shela, hizo dakika 50 nami nimezisikia tangu shule. Kuna anayeweza kunithibitishia kabla sijawafundisha?

---

Fundi_Mokowe, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Sabalkheri. Mimi niliendesha matangazo ya maji na boti miaka kadhaa, kwanza kwa mkono, baadaye kwa mashine. Nimekosea karibu kila panapokosewa, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Dakika 50 ni wastani, na wastani wenyewe ni wa kweli. Lakini maji hayafuati wastani siku kwa siku. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huchelewa kidogo, dakika 35 au 40 tu kutoka leo hadi kesho. Siku za maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Ukianza kuhesabu siku ya bamvua na kuongeza 50 kila siku, kufika siku ya nne unaweza kuwa umepotea karibu saa nzima. Mwisho wa nusu mwezi hesabu inarudi karibu na sawa, na ndiyo maana Kijana wa Shela hajaona shida: labda hukagua mwanzo na mwisho, katikati hakagui. Kwa mpiga mbizi saa moja si neno. Kwa boti ya Pate inayopita Mkanda, saa moja ni kupita au kukwama. Tumieni jedwali lililochapishwa. Na kama jedwali lenu ni la Kilindini, msimame jetini siku kadhaa, za bamvua na za maji mafu, muandike tofauti na Amu kabla ya kuliamini.

Sasa kosa kubwa kuliko hilo, na hili liweke kwenye mada yako. Majedwali na programu za kupanga mabandiko huandika saa za kizungu. Mashine yangu ilichukua 4:30 PM ikaandika "Maji yatajaa saa 4:30." Mtu wa Amu akisoma saa 4:30 ataelewa asubuhi. Saa yetu na ile zinapishana saa sita, na kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna saa sita na dakika chache. Yaani mashine ilikuwa ikimwambia msomaji maji yatajaa wakati ule ule yanapokuwa yamepwa kabisa. Kosa hili la saa sita linageuza kitu kizima, na bandiko lenyewe linaonekana safi, halina dalili.

Mimi niligundua kwa sababu bamvua huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na watu wa bahari wanalijua hilo bila jedwali. Mzee mmoja aliniuliza tangu lini bamvua ikajaa saa nne.

Dawa yake ni kuligeuza kwenye lahajedwali kabla ya kupanga. Kama saa ya kizungu iko A2:

```
=TEXT(MOD(A2-0.25,0.5)+IF(MOD(A2-0.25,0.5)<0.0413,0.5,0),"h:mm")
```

Hiyo 0.25 ni robo ya siku, saa sita. Kile kipande cha `IF` ni cha saa kumi na mbili. Bila hicho, 6:30 itatoka "0:30", na hakuna Mswahili mwenye saa sufuri. Neno la alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku liandikeni kwenye safu ya pembeni kwa mkono. Ni mara moja kwa mwezi, dakika ishirini, na huyo anayeyaandika ndiye atakayeona safu iliyoharibika.

Kuhusu majibu ya inboksi nina mengi, nitarudi baada ya kazi.

---

Kijana_wa_Shela, Jumatano saa 2:10 asubuhi

Nimetazama jedwali langu. Ni kweli nilikuwa nikilinganisha kila baada ya wiki mbili. Katikati nimepotea dakika 55 siku moja. Nitabadilisha leo.

Lakini majibu ya papo hapo bado sioni ubaya wake.

---

Ami_Nahodha, Jumatano saa 4 asubuhi

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu. Mimi nimeendesha boti ya Amu na Pate, Mtangawanda na Faza, miaka mingi.

Maji hayo mnayoyapanga ni sawa, hayana uongo. Lakini ukurasa wenu, Binti, mwaka jana wakati wa kusi uliandika saa ya maji, na mwisho ukaandika "safari njema". Upepo ule ulikuwa si wa kutoka. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo la upepo na mawimbi. Vijana wawili wageni na bahari hii wakaja jetini kuniambia ukurasa umesema safari njema.

Maji yana jedwali, upepo hauna. Mkiwaandikia watu maji peke yake, wao husoma ruhusa ya kwenda. Kwangu mimi bora msiandike kabisa siku hizo kuliko kuandika nusu.

---

Fundi_Mokowe, Jumatano saa 7:30 mchana

Ami, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu "safari njema", litolewe, na kila neno la heri au la ushauri litolewe kwenye bandiko linalojituma. Mashine itoe saa za maji tu na jina la jeti.

Hapo kwa kutoandika kabisa ndipo ninapositasita. Wachokozi wa pweza na wanaopakia mawe Manda wanahitaji saa ya maji hata siku ya upepo, na wao hawatoki nje ya mlango wa bahari. Nilichokuwa nikifanya mimi ni kuacha mstari mmoja chini ya bandiko, "Hali ya bahari leo:", na mstari huo hujazwa na mtu aliyeko jetini. Asipoujaza, unasomeka "hakuna taarifa kutoka jetini". Bandiko hutoka saa kumi na moja alfajiri, mstari huhaririwa kufika saa kumi na mbili.

---

Ami_Nahodha, Jumatano saa 8 mchana

Marahaba. Mwenye boti ya alfajiri hatosoma mara ya pili saa kumi na mbili. Ataisoma ile ya kwanza, atie simu mfukoni.

---

Fundi_Mokowe, Jumatano saa 8:15 mchana

Hilo ni kweli na sina jibu lake. Labda siku za kusi bandiko lisitoke mpaka mtu alibonyeze mwenyewe, na kaskazi lijitume. Vijana wenyewe waamue, maana wao ndio watakaoamka.

---

Mama_Mahamri, Jumatano saa 10 jioni

Habari zenu. Mimi niko Malindi, nina kikundi cha akina mama kumi na wawili, tunapika mahamri, vitumbua na visheti vya oda. Swali la mwenye uzi limenigusa, ingawa langu ni la biashara.

Mwanangu alitupangia mabandiko ya mwezi mzima wa Ramadhani. Ratiba ya futari, picha, bei. La mwisho alilipanga usiku wa mwezi 29: "Idi Mubarak, kesho tupo kuanzia saa moja asubuhi, karibuni." Kalenda ya simu ilisema hivyo. Mwezi haukuandama. Kadhi Mkuu akatangaza tunatimiza 30. Sisi tulikuwa tumeshalala, simu imezimwa, na bandiko likatoka lenyewe.

Asubuhi watu tisa walikuja mlangoni, wengine wametoka mbali, na sisi tumefunga. Hiyo ningeivumilia. Kilichoniumiza ni bibi mmoja jirani aliyesomewa lile bandiko na wajukuu, hakula daku, akaamka akidhani ni sikukuu. Alifungua kinywa kwa neno letu. Nilikwenda kumwomba radhi, na siku ile ameilipa baada ya Idi. Binti, kwa kigezo chako cha "ilijulikana jana", mwanangu angekuambia Idi ilijulikana tangu mwaka jana, kalenda inayo.

---

Binti_Langoni, Jumatano saa 12:30 jioni

Mama, pole sana, na asante. Umenivunjia kigezo changu na ni vizuri kimevunjika leo kuliko Jumamosi. Nitakiandika upya: kuna habari inayojulikana, na kuna habari ambayo lazima mtu aione kwa macho hata kama hesabu ipo. Maji ni ya kwanza, mwezi ni wa pili. Mfungo Sita watataka kupanga matangazo ya Maulidi vile vile, na huo mwezi nao huandama 29 au 30, basi nitawaambia wayaandike tayari lakini wayaache bila saa.

Fundi, nasubiri la inboksi.

---

Fundi_Mokowe, Jumatano saa 3 usiku

Nimerudi. Hili nitalieleza kwa kisa changu kwa sababu sijui namna nyingine ya kulieleza.

Namba yetu ilikuwa WhatsApp Business, kama yenu. Niliweka ujumbe wa kutokuwepo, ujitume kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Niliuandika mimi mwenyewe na niliuona mzuri: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tumepokea ujumbe wako na tunaushughulikia."

Usiku mmoja, saa tano kasoro, mama mmoja aliandika kwamba mwanawe alitoka na dau tangu asubuhi upande wa Manda Toto na hajarudi, na simu yake haipatikani. Jibu likaenda papo hapo. Yule mama hakumpigia mtu mwingine. Alikaa barazani mpaka alfajiri akisubiri, kwa sababu ameambiwa tunashughulikia. Mimi nilikuwa nimelala. Nilisoma saa kumi na mbili na robo.

Kijana alikuwa ameharibikiwa na mashine ya dau, akatia nanga kwenye maji madogo, akaburutwa na wenzake asubuhi. Alirudi salama, alhamdulillahi. Lakini zile saa saba zilikuwa zangu. Kama nisingeweka jibu lolote, yule mama angengoja dakika kumi, angeona kimya, angemgongea jirani. Alama mbili za kijivu zingemwambia ukweli kwamba hakuna aliyesoma. Mimi niliufunika ukweli huo kwa adabu.

Kwa hiyo Binti, majibu ya inboksi si habari hata kidogo, na kigezo chako hakiyafikii. "Tunashughulikia" ni ahadi, na ahadi inayotolewa na kitu kisichoweza kuamka. Jibu la kujituma niliruhusu tena baadaye, likiwa limeandikwa hivi:

"Huu ni ujumbe wa mashine. Hakuna mtu anayesoma namba hii mpaka saa 12:30 asubuhi. Kama chombo hakijarudi, mtu amezama au kuna moto, usingoje jibu hapa: piga 999 au 112, na mjulishe BMU wa jeti yako. Mengine tutayasoma asubuhi."

Sentensi ya kwanza na ya pili ndizo kazi yote. Msizihamishe mwisho kwa ajili ya salamu, kwa sababu mtu mwenye hofu husoma mstari mmoja.

Mambo mawili ya kifundi. Ujumbe huo wa kutokuwepo hutoka tu kama simu yenyewe iko hewani. Simu ikiisha chaji au bando likikatika, haujitumi, basi msimwambie mtaa kwamba namba hii hujibu saa zote. Na ule ujumbe wa salamu, tofauti na huu, humwendea mtu anayeandika mara ya kwanza au baada ya siku 14 za kimya. Mkiujaribu kwa simu zenu zile zile mara mbili mtadhani umeharibika. Jaribuni kwa simu ya mtu ambaye hajawahi kuwaandikia.

---

Kijana_wa_Shela, Jumatano saa 3:35 usiku

Nimesoma mara mbili. Pole, Fundi. Hili la ahadi sikuwahi kulifikiria, langu linasema "tutakujibu punde".

Niulize: mtajuaje kwamba jibu la mashine linawadanganya watu, kama hakuna kisa kikubwa kama hicho?

---

Fundi_Mokowe, Jumatano saa 3:50 usiku

Tazama watu wanachoandika baada yake. Kila Ijumaa nilikuwa nikipitia mazungumzo yaliyojibiwa na mashine tu. Mtu aliyeelewa kwamba ni mashine hunyamaza mpaka asubuhi, au husema "sawa". Asiyeelewa huandika "haloo?", "mko wapi?", "mbona kimya?" dakika tano baadaye. Kabla ya kubadilisha maneno, hizo "haloo" zilikuwa nyingi kila wiki. Baada ya kubadilisha zilibaki moja mbili. Huna haja ya kipimo kingine.

---

Binti_Langoni, Alhamisi saa 1 asubuhi

Nilisoma hili usiku na sikulala mapema. Jibu letu la sasa linasema karibu neno kwa neno kama lako la zamani. Nimempigia kijana mwenye simu baada ya alfajiri, ameshalizima. Tutaweka jipya leo.

Kuna mengine mawili. La kwanza ni msiba. Wapo wanaotaka fomu: familia inajaza jina, ukoo, saa ya maziko, msikiti, na bandiko linatoka lenyewe, kwa sababu huku kwetu mtu akifa asubuhi huzikwa baada ya adhuhuri au laasiri na kila dakika ina maana. Moyo wangu haukubali, lakini nataka sababu itakayowatosha.

La pili, matusi kwenye komenti. Nilitaka kuweka orodha ya maneno yanayofichwa yenyewe.

---

Mama_Mahamri, Alhamisi saa 3 asubuhi

La msiba nikujibu mimi. Habari ya kufariki khali yangu niliipata kwenye ukurasa, niko sokoni, kabla ndugu zangu hawajanipigia. Aliyetuma hakuwa na nia mbaya, alikuwa jirani, na habari ilikuwa ya kweli. Fomu ingeikubali, maana jina lilikuwa sahihi, msikiti sahihi, saa sahihi. Nilikaa chini pale pale kwenye magunia ya viazi.

Fomu haiwezi kuuliza, "watoto wake wa Mombasa wameshaambiwa?" Mtu anaweza. Ni simu ya dakika mbili kwa mwenye msiba au kaka yake. Hawa vijana waifanye hiyo simu kwanza, kisha waandike.

---

Ami_Nahodha, Alhamisi saa 3:30 asubuhi

Kweli kabisa, mwanangu. Na siku ya msiba muzime yale mengine. Mtaa una maiti, ukurasa unatoa tangazo la mashindano ya mpira na vigelegele, kwa kuwa lilipangwa tangu wiki iliyopita. Si vyema.

---

Fundi_Mokowe, Alhamisi saa 7 mchana

Ami amegusa kitu ambacho wengi husahau: mabandiko yaliyopangwa hayajui kilichotokea. Kwenye Meta Business Suite yapo kwenye kalenda inayoitwa Planner. Yeyote anayeandika tangazo la msiba, kabla hajalituma, afungue pale, atazame ya leo na kesho, asogeze mbele yale ya furaha. Maji na boti yaachwe. Tuliifanya kuwa kazi ya mtu yule yule, kwa sababu ukimpa mtu mwingine, kila mmoja hudhani mwenzake ameshafanya.

Kuhusu maneno ya kuficha, uwe mwangalifu na orodha. Sisi tuliweka matusi tunayoyajua, na ndani yake tukaweka "punda", kwa kuwa watu walikuwa wakitukanana kwa neno hilo. Baada ya muda nikaona komenti za punda waliopotea zimekatika. Nikadhani punda wa Amu wametulia. Kumbe zote zilikuwa zimefichwa. Mtu anaandika "nimemwona punda wa kijivu mwenye kovu mguuni karibu na ngome", na hakuna anayeisoma. Ubaya ni kwamba komenti iliyofichwa, aliyeiandika na marafiki zake bado wanaiona. Hatalalamika, hajui. Kwa upande wake anaona ametoa habari na mtaa umempuuza.

Orodha ibaki kwa matusi ya nguoni yasiyo na maana nyingine, na mtu mmoja apitie zilizofichwa kila siku kabla ya kulala. Maneno ya wanyama, ya makabila na ya siasa yasomwe na mtu.

---

Kijana_wa_Shela, Alhamisi saa 8 mchana

Hapo kwa makabila na siasa sikubali. Wakati wa kampeni komenti huja mamia kwa usiku mmoja, na vijana kumi na mmoja hawawezi kuzisoma zote. Neno baya la kabila likikaa wazi kwa muda wa saa nane mpaka watu waamke, limeshafanya kazi yake. Mimi ningeficha kwanza, nisome baadaye.

---

Fundi_Mokowe, Alhamisi saa 8:20 mchana

Wakati wa kampeni una haki. Ningeficha kwanza kwa muda huo, na niandike juu ya ukurasa kwamba tunafanya hivyo mpaka tarehe fulani. Ninachokiogopa ni orodha inayowekwa wakati wa moto ikabaki miaka mitatu, na hakuna anayekumbuka ina nini. Lakini sikatai hoja yako.

---

Mkereketwa_Mpeketoni, Alhamisi saa 11 jioni

Nilikuja hapa kubishana na nimesoma yote. Swali langu bado lipo kwa namna nyingine: huyo kijana wa jetini anayejaza "hali ya bahari leo" saa kumi na moja alfajiri, na huyo anayempigia simu mwenye msiba, na huyo anayesoma zilizofichwa usiku. Mashine imechukua zile kazi rahisi, zilizobaki ni nzito, na bando ni lao. Kikundi kina mpango gani kwa hilo?

---

Binti_Langoni, Alhamisi saa 2 usiku

Kaka, nilikukosea jibu la kwanza. Nitalileta swali lako Jumamosi kama lilivyo, na wenye maduka ya Langoni wawili watatu watakuwepo, nitahakikisha wanalisikia. Mpango hakuna bado.

Mada nimeipunguza. Dakika 15 hazitoshi kwa yote, kwa hiyo nusu ya muda nitaitumia kwenye ujumbe wa usiku: nitauweka wa zamani na mpya ukutani kwa maandishi makubwa, na niwaulize yule mama angefanya nini kwa kila mmoja. Fundi, naomba ruhusa kukisimulia kisa bila jina lako. Kisha maji na saa ya Kiswahili, tutaigeuza safu moja pamoja kwenye kompyuta. Mwezi, msiba na punda nitavitaja kwa ufupi, na la makabila nitawaachia walijadili wenyewe.

Ami, lile la kusi sijui niseme nini. Ungekuja mwenyewe ukae nao?

---

Fundi_Mokowe, Alhamisi saa 2:15 usiku

Ruhusa unayo. Jina pia unaweza kulitaja, sioni haya tena.

---

Ami_Nahodha, Ijumaa saa 12 asubuhi

Jumamosi laasiri maji yatakuwa yanatoka, boti zimelala. Nitakuja. Niwekeeni kiti karibu na mlango, mguu wangu haupandi ngazi.